Kiti cha Mkizi: uchambuzi wa nusu fainali iliyobidi irudiwe

Bonanza lenyewe lilikuwa dogo: timu nne za watu watatu watatu, saiba moja Tanga mjini yenye kompyuta kumi na mbili, siku moja ya Jumapili, na zawadi ya kreti mbili za soda. Gemu ilikuwa Teeworlds, vile vidubwana vya mviringo vinavyoning'inia kwa ndoana na kupigana kwenye ramani ya bapa. Tuliichagua kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi, na kompyuta za pale ni za zamani kiasi kwamba gemu kubwa zingezifanya zizime. Tulicheza toleo la 0.7.5, mtindo wa kuteka bendera: unaingia kwa wenzako, unachukua bendera yao, unairudisha kwenu ikiwa yenu bado ipo mahali pake.

Mimi nilikuwa mwamuzi na pia mtu wa sava, makosa mawili katika sentensi moja, lakini hapakuwa na mwingine. Sava ilikaa kwenye laptopu yangu, imechomekwa kwa kebo kwenye swichi ya saiba. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika faili la mipangilio nikaliita `mechi.cfg`, na nililala nikiamini kazi imekwisha. Lilikuwa hivi:

```
sv_name "Bonanza - nusu fainali"
password bandari
sv_rcon_password siri_ya_mwamuzi
sv_register 0
sv_gametype ctf
sv_map ctf5
sv_max_clients 16
sv_player_slots 6
sv_timelimit 10
sv_scorelimit 500
```

Sava huwashwa kwa amri moja, `./teeworlds_srv -f mechi.cfg`, na hukaa ikisikiliza kwenye mlango wa 8303 wa UDP. `sv_register 0` huizuia isijitangaze kwenye orodha ya dunia nzima. Walio kwenye mtandao wa ndani bado wanaiona. Watu kumi na sita wanaruhusiwa kuunganishwa, sita kati yao wanaweza kucheza, waliobaki ni watazamaji. Mechi ni dakika kumi, au pointi 500, kipi kitangulie. Hiyo namba ya mwisho isikupite: kila bendera inayofikishwa nyumbani ni pointi 100, na usipoandika kitu sava hutumia 20, yaani bendera ya kwanza tu inamaliza mechi. Niligundua hilo wakati wa majaribio, na nikajipongeza kwa kuligundua. Yaliyonipita ndiyo kisa chenyewe.

Kilichotokea

Nusu fainali ya pili ilikuwa dakika ya sita, buluu na nyekundu zimefungana bendera mbili mbili. Mchezaji mmoja wa buluu, tumwite Mkizi (majina yote ya kwenye gemu nimeyabadilisha), alikuwa amekaa kompyuta ya pembeni karibu na mlango. Mtu akapita na kreti, mguu ukagonga ekstensheni, kompyuta ya Mkizi ikazima. Hakuna aliyekuwa na kosa kubwa. Tukairudisha plagi, kompyuta ikaanza kuwaka taratibu kama kawaida yake, dakika mbili na ushee.

Sikusimamisha mechi. Nilidhani timu itacheza wawili kwa muda, kama mpirani mchezaji anapotibiwa nje ya mstari.

Mkizi aliporudi na kuandika nenosiri, aliingia vizuri kabisa, ila akajikuta mtazamaji. Akajaribu kubofya timu ya buluu, haikumpokea. Akageuka akaniita: "Kaka, kiti changu kina mtu."

Na kweli kilikuwa na mtu. Kijana mmoja aliyekuja na laptopu yake, tumwite Pweza, alikuwa amechelewa. Alikuwa na nenosiri kwa sababu nililiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha bonanza ili watazamaji wasinisumbue kuniuliza. Alijiunga ili aangalie. Sava ikampokea, ikamvalisha buluu, ikamtupa katikati ya vita. Kwa maneno yake mwenyewe, alidhani hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda, akaanza kucheza. Na hakuwa mbaya: mara tatu aliing'oa bendera ya nyekundu pale iliposimama, ingawa mara zote alikufa kabla ya kuifikisha.

Filimbi ya mwisho ililia ubao ukisoma nyekundu 204, buluu 206. Sava ikatangaza buluu washindi. Nyekundu wakasimama wote watatu kwa pamoja, na walikuwa na haki.

Namba 204 na 206 zimetoka wapi

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililofanya kosa dogo liwe kubwa. Kwenye mtindo wa bendera, kufikisha bendera ni pointi 100, lakini kuing'oa tu pale iliposimama ni pointi 1. Bendera iliyodondoshwa njiani ukiiokota haina pointi. Ni ile ya kwenye nguzo pekee. Kwa hiyo timu iliyofikisha mara mbili na kung'oa mara nne inasoma 204.

Wachezaji wengi huchukulia ile pointi moja kama pambo. Sava haichukulii hivyo. Muda ukiisha huangalia jumla ya timu zote mbili, na zikitofautiana hata kwa moja, mechi imekwisha na mwenye nyingi ameshinda. Muda wa nyongeza unaanza tu ikiwa jumla ni sawasawa kabisa. Ajabu ni kwamba ndani ya muda huo wa nyongeza hesabu inabadilika: hapo sava huangalia mamia peke yake, na pointi za kung'oa hazihesabiki tena.

Basi buluu ilishinda kwa pointi mbili za kung'oa, na Pweza, ambaye hakuwa kwenye orodha ya timu yoyote, alikuwa amechangia tatu. Bila yake ubao ungesoma 204 kwa 203 upande wa nyekundu. Hapakuwa na njia ya kuyasawazisha hayo kwa maneno matamu. Niliamua mechi irudiwe, lakini kabla ya kuirudia nikaomba nusu saa nijue kwanza nini kimetokea, maana kurudia kwa mipangilio ile ile ni kungojea kreti nyingine ipite.

Nilichokisoma kwenye kumbukumbu za sava

Sava huandika kila anayeingia na kutoka. Nimeondoa saa na mistari isiyohusika, ikabaki hii miwili:

```
[game]: leave player='4:Mkizi'
[game]: team_join player='4:Pweza' team=1
```

Itazame ile namba 4. Mkizi alikuwa namba 4, akatoka. Pweza akaja, naye akapewa namba 4. Sava hugawa namba ya kwanza iliyo wazi kuanzia chini, na ya wazi ilikuwa hiyo. `team=1` ni buluu. 0 ni nyekundu, na -1 ni watazamaji.

Mistari hii miwili ilinifundisha mambo ambayo nilikuwa nimeyachanganya. Nenosiri linaulizwa mara moja tu, mtu anapounganishwa. Ukishapita, sava haijui tena kama ulipita kama mchezaji au kama mtazamaji, kwa sababu nenosiri ni lile lile. Hata ukilibadilisha katikati ya mechi, waliomo ndani hawaguswi. Litawakuta wanaokuja baadaye, akiwemo mchezaji wako aliyekatika na ambaye hajui jipya.

Halafu `sv_player_slots 6`. Nilikuwa nimeisoma kichwani mwangu kama "viti sita vya wachezaji wangu sita". Sivyo. Ni hesabu tu: waliopo uwanjani kwa jumla wasizidi sita. Haina majina, wala haisemi watatu huku na watatu kule. Mkizi alipotoka hesabu ikawa watano, na sava haikuona sababu ya kumkataa wa sita, awe nani.

La mwisho ni mahali mgeni anapotua. Katika hali ya kawaida ya gemu hii, anayejiunga hatui kwenye jukwaa la watazamaji. Sava inatafuta timu yenye upungufu na kumtia humo, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaocheza kwa kupita. Pweza hakubofya chochote. Aliwekwa.

Kuhusu muda: kompyuta ikizima ghafla haiagi. Sava hungoja kama sekunde kumi bila kusikia neno ndipo humwondoa mhusika. Kwa hiyo kwa sekunde hizo chache kiti cha Mkizi kilikuwa bado chake, kikiwa na kidubwana kilichosimama kama sanamu. Baada ya hapo kikawa cha yeyote.

Dawa ya kwanza niliyoifikiria, na kwa nini isingetosha

Mmoja wa wachezaji, anayeijua gemu kuliko mimi, alisema: "Si ungefunga timu tu?" Ipo amri ya hivyo, `lock_teams`, unayoiandika kwenye konsoli ya mwamuzi. Mwamuzi anaingia kwenye sava kama mtazamaji, anabonyeza F2, anaandika nenosiri lake lile la `sv_rcon_password`, na kuanzia hapo anatoa amri.

Tukaijaribu palepale. Watu sita ndani, timu zimefungwa, kisha nikachomoa kebo ya mtandao ya mmoja wao na kuhesabu hadi kumi na tano. Nikamwambia Pweza, ambaye sasa alikuwa msaidizi wangu wa hiari, ajiunge kutoka nje. Akatua tena ndani ya buluu, timu zikiwa zimefungwa!

Sababu yake ukiifikiria ni nyepesi. Kufunga timu kunazuia ombi la kubadili timu: mtazamaji akibofya "nataka buluu" anakataliwa. Lakini mgeni hajaomba kubadili kitu, ndiyo kwanza anaingia, na pale anapotua panaamuliwa na kanuni nyingine. Kufuli lilikuwa limefungwa kwenye mlango ambao Pweza hakuutumia.

Kinachohusika na pa kutua ni `sv_tournament_mode`. Ikiwa 1, kila anayejiunga anaanza kama mtazamaji, hata kama viti vyote sita viko wazi. Ikiwa 2, inaongeza jambo moja: mechi ikiwa inaendelea, maneno ya watazamaji yanasomwa na watazamaji wenzao tu. Tulichukua 2, kwa sababu kwenye nusu fainali ya kwanza kulikuwa na mtu akiandika "yuko juu kushoto" na kudai anatania.

Hizi mbili zinafanya kazi kwa kushikana. Ukiwasha ya mashindano bila kufunga timu, mtazamaji yeyote anaweza kubofya na kuingia kiti kikiwa wazi. Ukifunga timu bila kuwasha ya mashindano, umeona yaliyotukuta.

Watatu kwa watatu

Sasa kuna swali la watatu huku na watatu kule, ambalo `sv_player_slots` haliligusi. Nilikuwa nikidhani halijawahi kutusumbua kwa bahati. Kumbe lilikuwa likilindwa na kitu kingine, `sv_teambalance_time`, kanuni ya kusawazisha timu. Isipoguswa ni dakika 1, na ina kazi mbili. Inazuia mtu kuingia timu ikiwa kufanya hivyo kutaleta tofauti ya watu wawili au zaidi. Ndiyo maana watu sita wakijaa hawawezi kuwa wanne kwa wawili. Kazi yake ya pili ni hatari: tofauti ya wawili ikitokea kwa namna nyingine na ikadumu dakika moja, sava yenyewe humhamisha mchezaji.

Fikiria swichi inayokatika upande mmoja na kuondoa wachezaji wawili wa buluu. Nyekundu watatu, buluu mmoja. Baada ya dakika moja, mchezaji wa nyekundu anajikuta amevaa buluu katikati ya fainali. Kufuli la timu halizuii hilo, kwa sababu anayemhamisha si yeye, ni sava.

Kwa hiyo tulikubaliana na utaratibu huu: kanuni iachwe hai wakati wachezaji wanachagua upande, kisha wakishatimia watatu kwa watatu na timu zikafungwa, mwamuzi anaandika `sv_teambalance_time 0`. Ukiizima mapema mno, unapata wanne kwa wawili kabla hata mechi haijaanza. Tulijaribu hilo pia, na wanne wa kwanza waliobofya nyekundu walikubaliwa wote.

Mipangilio ya marudio

Mistari iliyoongezwa kwenye faili ilikuwa hii:

```
sv_tournament_mode 2
sv_max_clients 20
sv_match_swap 0
sv_inactivekick_time 0
sv_vote_kick 0
sv_vote_spectate 0
sv_strict_spectate_mode 1
sv_auto_demo_record 1
```

Sitaichambua yote. Namba 20 badala ya 16 ni kwa sababu watazamaji na wachezaji wanakula kwenye sahani moja ya miunganisho: ukiwa na watazamaji wa kutosha kujaza nafasi, mchezaji aliyekatika ataambiwa sava imejaa. Mimi mwenyewe mwamuzi ninakula nafasi moja, kompyuta ya projekta inakula moja. Tulihesabu watu wote waliokuwa na mashine pale, tukafika kumi na tano, tukaacha ziada.

Kura za kumtoa mtu nilizima kwa sababu zaidi ya nusu ya wachezaji wakikubaliana wanaweza kumfukuza mwenzao kihalali kabisa. Muda wa kukaa bila kugusa kitu, ambao kwa kawaida ni dakika tatu, nimeuzima ili anayelinda bendera kwa kusimama, au anayesubiri mabishano yaishe, asiondolewe.

`sv_match_swap` ndiyo iliyonichekesha. Kwa kawaida sava hubadilisha timu rangi kila mechi inapoisha: waliokuwa nyekundu wanakuwa buluu. Kwa mchezo wa kawaida ni haki, upande wa ramani unazunguka. Kwa mwamuzi anayeandika kwenye daftari "nyekundu 1, buluu 0" ni balaa, na kwenye nusu fainali ya kwanza karibu nimpe ushindi wa mechi ya pili aliyeshindwa. Sasa rangi hazibadiliki mpaka niseme mwenyewe kwa `swap_teams`. Bado mechi mpya inaanza yenyewe sekunde chache baada ya ile kwisha, kwa hiyo mara tu inapoanza naandika `pause`, watu wanywe maji.

Orodha kwenye karatasi

Hapa ndipo viti vilipopata majina, na halikuwa jambo la sava hata kidogo. Gemu hii haina mahali pa kuandika kwamba kiti cha tatu cha buluu ni cha fulani. Jina la kwenye skrini kila mtu anajiandikia, na ile namba mbele ya jina tumeona inavyorithiwa. Kitu pekee ambacho mchezaji habadilishi katikati ya mechi ni kompyuta aliyokalia.

Kwa hiyo tulizipa kompyuta sita za wachezaji anwani zisizobadilika, kuanzia 192.168.1.11 hadi 192.168.1.16, tukabandika namba kwa karatasi na gundi juu ya kila skrini. Kwenye daftari: kumi na moja hadi kumi na tatu nyekundu, kumi na nne hadi kumi na sita buluu, na jina la mtu mbele yake. Mwamuzi akiandika `status` kwenye konsoli, sava inamletea kila aliyeunganishwa kwa mstari wake: `id`, kisha `addr` yenye anwani ya kompyuta, kisha jina. Anwani ndiyo unayoilinganisha na daftari. Jina liache.

Mchezaji akikatika, mambo yanakwenda hivi. Unaandika `pause` palepale, kabla ya kuuliza nani na kwa nini. Saa inasimama. Pointi za timu hazipotei. Zinazopotea ni pointi zake binafsi, ambazo hazihusiani na matokeo. Anarudi na nenosiri, anatua kwa watazamaji kwa sababu ya hali ya mashindano, na hawezi kujirudisha kwa sababu ya kufuli. Unaandika `status`, unaitafuta anwani yake, unasoma namba aliyonayo sasa, mathalani 7, kisha `set_team 7 1`. Amri ya mwamuzi inapita juu ya kufuli. Unaandika `pause` tena na mechi inaendelea.

Ile `status` usiiruke hata kama unaikumbuka namba. Mimi katika jaribio la kwanza niliandika `set_team 4 1` kwa mazoea, nikamwingiza Pweza.

Nayo `lock_teams` ni swichi ya kubonyeza: ukiiandika mara ya pili umefungua. Sikutaka kukumbuka nimeiandika mara ngapi, kwa hiyo kila kabla ya mechi nilimwomba mtazamaji mmoja ajaribu kubofya timu huku nikiwa nimemtoa mchezaji mmoja kwa makusudi. Akikataliwa, tunaanza kwa `restart 10`. Ukibadilisha ramani, kufuli linafunguka na wote wanarudi jukwaani, hivyo unapanga upya tangu mwanzo; sisi tulibaki na `ctf5` mchana kutwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kanuni ya sare

Kuhusu zile pointi za kung'oa, tulikubaliana kabla ya marudio kwamba mwamuzi ataangalia mamia tu. Saa ikiisha 204 kwa 206, sava itatangaza mshindi, na sisi hatutaisikiliza. Tutaweka `sv_timelimit 0` na `sv_scorelimit 100`, tutaandika `restart 10`, na bendera ya kwanza kufika nyumbani inamaliza. Mchezaji mmoja aliuliza kama mtu anaweza kufikisha 100 kwa kung'oa peke yake. Anaweza, akifanya hivyo mara mia moja bila mtu yeyote kufunga. Tukaona tumpe tu, akiweza.

Tulichoshindwa kukitibu

Watazamaji bado wanaona kila kitu papo hapo. `sv_strict_spectate_mode 1` inawapunguzia taarifa wanazoonyeshwa kuhusu mchezaji wanayemfuata, lakini haiwacheleweshi, na sava hii haina kichelewesho chake cha ndani. Projekta tukaihamisha ukuta wa nyuma ya wachezaji, na aliyepiga kelele ya kuelekeza alitolewa nje. Ni dawa ya chumba, si ya kompyuta.

Nenosiri nalo ni moja kwa wote. Nililibadilisha kabla ya marudio nikawapa manahodha kwenye kikaratasi na watazamaji nikawaandikia mwenyewe kwenye mashine zao. Kwa hali ya mashindano na kufuli, mtu mwenye nenosiri asiyehusika hawezi kucheza tena, ila anaweza kujaza nafasi ya mtazamaji. Hapo kuna `kick`.

Wiki iliyofuata wenzetu wa mtaa wa pili walitaka kufanya yale yale na sava ya kukodi nje ya nchi badala ya laptopu. Wanne wakaingia, wa tano akasoma `Only 4 players with the same IP are allowed`. Kwa sava iliyo mbali, saiba nzima ni anwani moja, ya ruta. Mstari unaotakiwa ni `sv_max_clients_per_ip`, uwekwe sawa na `sv_max_clients`. Sisi hatukuuhitaji kwa sababu ndani ya swichi moja kila kompyuta ilikuja na anwani yake.

Marudio

Tulianza saa kumi na moja kasorobo. Dakika ya tatu kompyuta namba 14 ikaganda yenyewe, bila kreti wala mguu wa mtu. Nikasimamisha. `status`, anwani ya kumi na nne haipo. Mkizi akaiwasha upya. Tukamngoja kama dakika mbili, nyekundu wakiwa wamekaa mikono kifuani. Katikati ya kungoja, mtazamaji mmoja alijiunga kutoka laptopu ya nje na akatua jukwaani. Alichukua namba 4.

Mkizi aliporudi alikuwa namba 11. `set_team 11 1`, kisha `pause`. Nyekundu walishinda 305 kwa 203.